Risasi Nilisikia Kisha

Mulekera ni moja ya komuni nne za mji wa Beni, na ni mahali ambapo watu wengi wamelazimika kuandika habari zao bila kutamani uandishi. Tangu mauaji yaanze kuzagaa kandokando ya mji mnamo Oktoba 2014, mwenye shamba upande wa Mbau huenda akatakiwa kueleza yaliyompata mbele ya chifu wa kata, mbele ya mashirika ya msaada, parokiani au kwa mwanasheria. Nyumbani husema Kinande na sokoni Kiswahili cha Beni, lakini karatasi inadai Kifaransa au kile Kiswahili tunachokiita bora. Hivyo kati ya aliyeyaona mambo na atakayeyasoma huketi mtu wa tatu mwenye kalamu, mwalimu au katekista au kijana aliyemaliza chuo, naye huyaandika upya yawe safi. Nataka kujiuliza nini hasa hupotea katika usafi huo.

Nitatunga mfano mwenyewe, kwa kuwa shuhuda za kweli zina wenyewe. Tuseme mama mmoja ameandika kwenye daftari maneno haya:

«Ile siku nilikuwa nakausha kakao kwenye bashi. Mvua ikakuja, nikaanza kuanua. Muke wa jirani akapita mbio. Hakunisalimia. Yeye ananisalimiaka kila siku. Pale nikajua. Nikaacha kakao kwenye mvua, nikabeba mutoto. Risasi nilisikia kisha, tukiwa tayari kwenye kivuko.»

Mwenye kalamu anasoma, anakunja uso, kisha anatoa hili: «Kutokana na hali ya ukosefu wa usalama, wakazi wa eneo hilo walilazimika kuyakimbia makazi yao baada ya milio ya risasi kusikika, jambo lililosababisha hasara kubwa ya mazao ya kakao.»

Sarufi haina kasoro, na sentensi hiyo ungeweza kuibandika kwenye taarifa ya Oicha, ya Eringeti au ya Kamango bila kubadili herufi. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuangalia: sentensi inayofaa kila mahali huwa haikutoka mahali popote. Lakini kuna jambo baya zaidi kuliko ubaridi wake. Sentensi hiyo ni ya uongo. Mama hakukimbia baada ya risasi kusikika. Alikimbia kwanza, risasi zikaja alipokwisha kufika kivukoni. Kilichomkimbiza ni salamu iliyokosekana. Anayesoma ili ajue kama watu walipata dalili mapema, na wanazitambuaje, alikuwa na jibu mkononi, na mwandishi msafi amelifuta bila kujua.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba sauti ya mwandishi ni ladha tu, kitu cha kubakizwa kama nafasi ikiruhusu. Sauti ya mama huyu ni namna alivyojua. Imo katika mpangilio wa mambo jinsi yalivyomfikia, na katika kitenzi chenye mtendaji. «Nilisikia» ina masikio ya mtu ndani yake, lakini «kusikika» haina mtu, na huwezi kuiuliza ilikuwa umbali gani. «Wakazi wa eneo» hawawezi kuitwa kutoa ushahidi. Mama mmoja anaweza.

Basi tuyaandike upya maneno yake vizuri. Nasahihisha bila wasiwasi tahajia na vile vidokezo vya matamshi yetu: muke awe mke, mutoto awe mtoto, ikakuja iwe ikaja. Hakuna mtu aliyeishi ndani ya ile irabu ya ziada. «Ananisalimiaka» inataka uangalifu zaidi, maana kile kiambishi cha mwisho kinabeba mazoea ya kila siku, na mazoea hayo ndiyo uti wa hadithi. Kiswahili sanifu kina njia yake ya kuyasema: «hunisalimia». Hakuna kilichopotea. Kisha nakutana na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuunganisha: «akapita mbio bila kunisalimia». Inapendeza, lakini inaificha salamu ndani ya mwendo wa jirani, wakati mama aliisimamisha peke yake kwa sababu hapo ndipo moyo wake uliposimama. Naiacha peke yake. Cha pili ni pale aliposema «nikajua» bila kusema alijua nini. Mkono unawasha kuongeza «kwamba kuna hatari». Siongezi. Watu wa Beni hawahitaji kuambiwa, na msomaji wa mbali ataelewa akifika kwenye risasi.

«Siku ile nilikuwa nakausha kakao kwenye bashi. Mvua ikaja, nikaanza kuanua. Mke wa jirani akapita mbio. Hakunisalimia. Yeye hunisalimia kila siku. Hapo nikajua. Nikaiacha kakao kwenye mvua, nikambeba mtoto. Risasi nilizisikia baadaye, tukiwa tayari kwenye kivuko.»

Bashi nimeliacha, kwani ndilo jina la kile kitambaa cha plastiki huku kwetu, na «turubai» lingemhamishia mama nchi nyingine.

Kongo ina funzo la zamani kuhusu jambo hili. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav aliandika historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa Kiswahili cha mji huo, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa majumbani kwa wazungu. Tahajia yake ilikwenda ilivyopenda, na maneno yaliunganika na kukatika pasipotarajiwa. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyelichapisha andiko hilo mwaka 1990, hakuanza kwa kulisahihisha. Alimpa Kalundi Mango, mtu aliyekulia katika lugha hiyo, alisome kwa sauti. Yaliyoonekana kwa jicho kuwa fujo yakasikika kuwa maneno ya mtu. Fabian akachapisha maandishi ya Yav yalivyokuwa, pamoja na yale yaliyotokana na usomaji, ili msomaji aweze kulinganisha.

Kutoka hapo nachukua desturi moja: aliyeandika upya asome kwa sauti mbele ya mwenyewe kabla karatasi haijaondoka. Akisikiliza kimya hadi mwisho, pengine ni heshima tu. Muulize basi jambo ambalo karatasi inapaswa kulijibu, kwa mfano jirani alipita kabla ya mvua au baada yake, na uone kama jibu lake linalingana na ulichoandika.

Kuna mahali sauti lazima ipunguzwe. Jina la jirani litoke, na jina la kivuko pia, kwa sababu njia hiyo huenda ikahitajika tena na karatasi husomwa na wengi. Mpangilio unaweza kubaki hata majina yakiondoka.

Gumu zaidi ni pale mama mwenyewe anapoikataa sauti yake. Anaogopa kwamba watu wa ofisi wakisoma «Hapo nikajua» watamwona hakusoma. Anataka «kutokana na hali ya ukosefu wa usalama», kwa kuwa amesikia wakubwa wakisema hivyo redioni. Sina haki ya kumlazimisha abaki jinsi ninavyompenda mimi. Hilo nalo ni kumvisha sauti ya mtu mwingine. Ninachoweza ni kumpa maneno makubwa mlangoni: mwanzo wa barua uwe wa kiofisi kabisa, wenye «Mheshimiwa» na «ninayo heshima», na mwisho wake vivyo hivyo. Katikati namsomea matoleo yote mawili, na kumwonyesha kwamba katika lile la redio risasi zimetangulia. Akishalisikia hilo, achague, na jina litakaloandikwa chini ni lake.