Kumpunguzia mzazi dawa ni kumtelekeza?

Mama yetu ana miaka 83. Anaishi nami Tanga, na kaka yangu yuko Maskati. Kwa miaka mingi tumegawana jukumu hili: yeye hutuma fedha za dawa, mimi ninahakikisha Mama anazimeza. Hapakuwa na ugomvi mpaka siku daktari aliposema kidonge kimoja cha presha kiondolewe. Nilipompigia kaka kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mdogo wangu, mimi natuma fedha Mama atibiwe, nyinyi mnamwachisha dawa. Akipata kiharusi utamjibu nini Mwenyezi Mungu?"

Ndugu msomaji, swali hilo lilininyima usingizi, na ninakiri kwamba siku ile sikuwa na jibu.

Nianze na yaliyotokea. Katika miezi miwili Mama alianguka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa usiku, alipoinuka kitandani kwenda msalani. Mara ya pili alikuwa akiinuka kutoka kwenye sijda alfajiri. Hakuvunjika, ila alipasuka juu ya jicho. Majirani walisema ni uzee tu. Nami niliridhika hivyo, kwa sababu kila tulipokwenda kliniki presha yake ilikuwa nzuri: 128 kwa 70, imeandikwa kwenye daftari lake.

Namba ile ilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba ilipimwa amekaa kwenye kiti, na Mama haanguki akiwa amekaa.

Daktari tuliyempata safari hii alimsalimia, "Shikamoo bibi," kisha akamlaza dakika tano akampima: 134 kwa 72. Akamsimamisha tukiwa tumemshika pande mbili, akampima tena baada ya dakika moja, na tena baada ya dakika tatu. Ilikuwa 104 kwa 60. Akatueleza kwamba mtu akisimama, damu huvutwa kuelekea miguuni, na mishipa hutakiwa kujibana mara moja ili kichwa kisikose damu. Kwa mzee mishipa hiyo huchelewa, na dawa za presha zaweza kuichelewesha zaidi. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika tatu, hapo pana hatari. Ya Mama ilishuka kwa 30.

Kisha akataka kuona vidonge vyote, pamoja na vile tunavyonunua wenyewe duka la dawa. Palikuwa na amlodipini, losatani, kidonge cha kukojosha maji, na amitriptilini ya maumivu ya miguu inayomezwa usiku. Hiyo ya mwisho hatukuwahi kuitaja kliniki kwa kuwa si dawa ya presha. Kumbe nayo hushusha presha ya mtu anaposimama na kumtia usingizi. Damu ilipopimwa, sodiamu ilikuwa 127, ilhali kiwango cha chini cha kawaida ni 135. Kidonge cha maji huweza kuishusha namna hiyo, na upungufu wake peke yake waweza kumpepesua mzee.

Kwa hiyo kidonge cha maji kiliondolewa kwanza, peke yake. Daktari alisisitiza kimoja kimoja, ili ijulikane kipi kimeleta nini. Baada ya wiki mbili tulirudi kupimwa, na sodiamu ilikuwa imepanda. Amitriptilini nayo ikaanza kupunguzwa kidogo kidogo. Baada ya wiki sita Mama alikuwa na 144 akiwa amekaa na 132 akisimama. Lengo lake sasa ni namba ya juu isizidi 150. Ikikaa juu ya 160 mara kadhaa, dawa itarudi.

Sasa turudi kwa kaka. Hoja yake si ya kupuuzwa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mkubwa uitwao HYVET, wa watu wa miaka 80 na zaidi. Waliopewa dawa, kwa lengo la 150 kwa 80, walifariki wachache kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Kwa hiyo anayesema "ameshazeeka, dawa za nini?" anamdhulumu mzee. Mzee wa miaka 85 anayekwenda sokoni kwa miguu yake ana haki ya dawa sawa na kijana.

Lakini tuulize ni wazee gani walioingizwa katika utafiti ule. Aliyekuwa na namba ya juu chini ya 140 akiwa amesimama hakupokewa. Mwenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu hakupokewa, wala anayehitaji kuuguzwa. Mama, mwenye 104 akisimama, asingevuka mlango. Faida iliyothibitishwa kwa wengine tulikuwa tukimdai yeye ailipie kwa kuanguka. Kipimo hapa ni udhaifu wa mwili, wala si idadi ya miaka.

Na je, kupunguza ni salama? Uingereza, katika utafiti uliotolewa mwaka 2020, wazee 569 waligawanywa, nusu wakaondolewa dawa moja ya presha. Baada ya wiki 12 namba ya juu ilipanda kwa takriban 3 tu, na walio wengi walibaki chini ya 150. Lakini wiki 12 ni muda mfupi. Mwaka 2025 Wafaransa walitoa matokeo ya wazee dhaifu waliofuatiliwa miaka kadhaa katika nyumba za kutunzia wazee. Waliopunguziwa dawa hawakufariki zaidi, wala hawakuishi zaidi. Hivyo siwezi kumwahidi kaka kwamba Mama hataanguka tena. Ninachoweza kusema ni kwamba kwake yeye sababu ilionekana kwenye kipimo, na kipimo kimebadilika.

Hapa ndipo nilipoliona kosa letu. Mzee akianguka akavunjika nyonga huku anameza vidonge vyote, tunasema ni uzee, ni kadari, na hakuna anayeulizwa. Akipata kiharusi baada ya kupunguziwa kidonge, tunatafuta wa kumlaumu. Basi tunachagua njia isiyo na lawama kwetu, tunaiita huruma kwake. Lakini kidonge nilichompa kwa mkono wangu usiku nacho ni kitendo changu. Kama kilimwangusha, siwezi kusema sikuhusika.

Isieleweke kwamba ninamhimiza mtu apunguze dawa nyumbani. Zipo za presha na moyo ambazo zikikatwa ghafla huleta balaa, na mwenye moyo uliochoka huenda anahitaji kile kile kidonge cha maji kilichomdhuru Mama. Kazi yetu ni kubeba vidonge vyote mpaka kwa daktari, kutaja kila anguko hata lisiloleta jeraha, na kuomba mzee apimwe akiwa amesimama.

Siku ile daktari alimuuliza Mama swali ambalo sisi wanawe hatukuwahi kumuuliza: "Bibi, unaogopa nini zaidi?" Mama akasema, "Kiharusi nakiogopa, mwanangu. Lakini naogopa zaidi kubebwa kwenda chooni."

Nilimpigia kaka nikampa Mama simu. Walizungumza kwa muda mrefu, mimi nikatoka nje. Mwezi uliofuata alituma fedha kama kawaida, na juu yake kiasi cha kununulia vishikizo vya chuma vya msalani. Bado hajaniambia kwamba nilikuwa sahihi, nami sijamuuliza.