Siri ya Mimba na Simu ya Mkononi



Mama mwenye mimba ya kwanza ana maswali mengi na watu wachache wa kuwauliza. Zamani alimwendea shangazi au mkunga; siku hizi wengi huanza na simu. Zipo programu za simu ambazo, mama akiziandikia tarehe ya hedhi yake ya mwisho, humwambia mimba ina wiki ngapi na atajifungua lini. Swali ninaloliweka mbele yenu ni hili: je, yafaa mama aulipie msaada huo kwa siri ya mwili wake?

Tuanze na faida, maana si haba. Programu hutumia hesabu ya wakunga, yaani siku 280 tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Aliyeanza hedhi tarehe 10 Machi ataambiwa atajifungua 15 Desemba. Lakini hesabu hiyo huchukulia kwamba hedhi yake huja kila baada ya siku 28. Ikiwa huja kila baada ya siku 35, yai hutoka kama juma moja baadaye, na tarehe iliyo karibu zaidi na kweli ni 22 Desemba. Programu isiyouliza jambo hilo itamtia mama hofu ya bure kwamba siku zake zimepita. Kipimo cha altrasaundi kilichofanywa mapema ndicho kinachosahihisha. Tena programu haipimi shinikizo la damu. Mama anayeumwa sana kichwa, anayeona ukungu machoni au anayevimba uso na aende hospitali upesi, hata kama simu inamwambia kuwa yote ni ya kawaida.

Sasa tuitazame siri. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Mkunga akiijua siri ya mama, anafungwa na maadili ya kazi yake. Kampuni ya programu nayo inafungwa na nini?

Mwaka 2021 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitoa shauri lake juu ya programu iitwayo Flo, iliyokuwa imetumiwa na wanawake zaidi ya milioni 100. Kampuni iliahidi kutunza habari zao za afya. Lakini tume ilieleza kwamba kati ya mwaka 2016 na 2019 habari hizo zilikuwa zikipelekwa kwa makampuni mengine, yakiwamo Facebook na Google. Njia yenyewe ilikuwa rahisi. Ndani ya programu mliwekwa vipande vya kazi vilivyotengenezwa na makampuni hayo, ambavyo hupeleka taarifa kila mtumiaji anapobonyeza kitu. Mama akichagua wiki ya mimba, taarifa ilikwenda ikiwa na jina R_PREGNANCY_WEEK_CHOSEN. Jina hilo tu lilitosha kutoboa siri. Kampuni ilikubali masharti ya tume bila kukiri kosa.

Huenda mtu akasema, matangazo ya nepi yamdhuru nani? Mwaka 2018 mwandishi mmoja wa habari wa Marekani, ambaye mtoto wake alizaliwa amekufa, aliyaandikia makampuni ya mitandao barua ya wazi. Yalikuwa yamejua upesi kwamba ana mimba, lakini hayakujua kunyamaza. Matangazo ya vitu vya watoto yaliendelea kumfuata katika msiba wake. Jirani anayejua habari yako anajua pia wakati wa kutoitaja. Mashine za matangazo hazina adabu hiyo.

Nchi zetu zimeanza kuweka ulinzi. Kenya ina sheria ya mwaka 2019, na Tanzania ilitunga yake mwaka 2022. Zote mbili huhesabu habari za afya kuwa nyeti. Hata hivyo sheria humfikia kwa shida mwenye kampuni aliye ng'ambo.

Basi, mama apime hivi. Kama programu inadai barua pepe, na simu ikipotea kumbukumbu zote hurudi kwenye simu mpya, ajue kwamba daftari lake liko kwa kampuni. Kuifuta programu kwenye simu hakulifuti daftari hilo. Sharti aombe akaunti yake ifutwe. Na programu ikitaka majina ya watu walio katika simu yake, au kujua mahali alipo, aikatalie, maana hesabu ya wiki haihitaji hayo.

Kwa maoni yangu, si dhambi kuitumia. Aipe tarehe tu, bila jina. Yaliyo mazito zaidi, kama vile majibu ya vipimo, mimba iliyotangulia kuharibika na mambo ya ndoa, ayapeleke kliniki. Mtoto aliye tumboni hajaulizwa kama anaridhia kuandikwa katika vitabu vya wafanyabiashara kabla hajapewa jina, na mpaka atakapoweza kujisemea, mama yake ndiye mlinzi wa siri yake.