Jina na Kosa katika Taarifa ya Mradi

Mradi unapokwisha, mtathmini hutakiwa kuandika sura ya mafunzo yaliyopatikana, na hapo ndipo kalamu yake huwa nzito. Akitaja watu atawaumiza. Akiwaficha, huenda akaificha na kweli pamoja nao.

Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, pampu ya kisima katika kata ya Sapiwi, wilayani Bariadi, iliyoharibika isitengenezwe kwa kuwa mfuko wa matengenezo ulikuwa mtupu. Taarifa moja itasema: "Mweka hazina alizembea." Nyingine itasema: "Changamoto zilijitokeza katika michango." Ya kwanza ni hukumu na ya pili ni moshi, hakuna kati yake inayomwambia mjenzi wa kisima kingine afanye nini. Mtathmini mwaminifu hulifungua daftari la stakabadhi. Akiona malipo ya kaya karibu zote yalikatika katika miezi ile ile, miezi ya kulima na kupalilia, ataandika: "Mpango ulitaka mchango sawa kila mwezi, ilhali kaya nyingi hushika fedha pamba inapouzwa, kuanzia katikati ya mwaka. Mchango wa mwaka ukusanywe wakati wa mauzo." Walakini akikuta stakabadhi zimejaa na sanduku halina kitu, hilo si funzo la kuandikwa katika sura hii, ni shauri la mkaguzi wa hesabu, na lipelekwe huko.

Kufuta jina hakutoshi. Kisima kina mweka hazina mmoja, na kijijini cheo ni jina. Kwa hiyo kiini cha sentensi hakina budi kuwa uamuzi, pamoja na sababu zilizoufanya uonekane wa busara siku ulipokatwa.

Huenda msomaji akahofu kuwa kwa njia hii wakubwa watapona. Hofu hiyo ina haki, nayo Tanganyika inayo kumbukumbu yake. Katika mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka nchi kadhaa kwa wiki tisa, ukapendekeza karanga zilimwe katika ekari zipatazo milioni 3.2. Huko Kongwa mvua ilikuwa haba na udongo uligeuka mgumu kama tofali wakati wa kiangazi. Mpango uliachwa mwaka 1951, baada ya pauni milioni 36 hivi kupotea. Kuandika kwamba Wakefield alikosea ni rahisi, na humwachia msomaji faraja kuwa mtu mwingine angefaulu. Kuandika kwamba serikali ya Uingereza, ikihitaji mafuta ya kula upesi baada ya vita, ilikubali kuanza bila shamba la majaribio, hakumtukani mtu; lakini huonyesha mlango ambao kosa lilipitia, na ni ofisi gani ilikuwa na ufunguo wake.