Katoni mia moja za maji ni za nani?

Wanangu wa kamati, rasimu ya barua yenu nimeisoma. Mmemwandikia mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Ngamiani, mkimwomba vesti 300 na katoni 100 za maji kwa ajili ya mbio za kilomita 10. Mimi nilikuwa mweka hazina wa klabu kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikaa nyuma ya kaunta nikipokea barua kama hizi. Niwaeleze mwenye duka anavyozisoma.

Kitu cha kwanza atakachofanya ni kugawanya. Katoni moja ina chupa 24, hivyo katoni 100 ni chupa 2,400. Ninyi wenyewe mmeandika kwamba wakimbiaji ni 300. Kila mmoja atakunywa chupa nane kwa kilomita 10? Hapo ataacha kusoma, si kwa uchoyo, bali kwa sababu ameona kwamba idadi ile haikuhesabiwa. Atajiuliza chupa zinazobaki zinakwenda wapi, na swali hilo hamtakuwepo kulijibu.

Basi tuhesabu sasa. Njia yenu inatoka Mkwakwani, inafika Raskazone na kurudi kwa barabara ile ile. Hiyo ni bahati. Meza ya maji mkiiweka karibu na kilomita ya tatu, mkimbiaji ataipita tena akirudi, karibu na kilomita ya saba. Meza moja inafanya kazi ya mbili, ila wekeni vijana pande zote za barabara, ili anayerudi asikate njia ya anayekwenda. Hapo njiani msitoe chupa. Anayekimbia hunywa mafunda mawili akaitupa, na chupa iliyofungwa kifuniko ikilala kwenye lami humtelezesha anayefuata. Toeni vikombe, na kila kimoja kitiwe mililita 150 tu, maana kikijaa humwagika kifuani. Watu 300 wakipita mara mbili ni vikombe 600. Ongezeni nusu yake kwa wale wanaochukua cha pili wakajimwagia kichwani. Tanga ni Tanga, hata Julai ya kipupwe jasho halikauki. Vikombe 900 kwa mililita 150 ni lita 135. Madumu saba ya lita 20 yanatosha, ombeni manane kwa ajili ya yatakayomwagika.

Chupa ni za pale wanapomalizia. Wakimbiaji 300 na wasimamizi wa njia 40, chupa moja ya nusu lita kwa kila mtu, ni 340. Katoni 14 zinatoa 336, zimepungua nne, kwa hiyo ombeni 15. Kutoka katoni 100 mmeshuka hadi katoni 15, madumu manane na vikombe elfu moja. Ombi kama hilo mtu anaweza kulikubali akiwa amesimama.

Sasa vesti, na hapa ndipo penye fedha. Mnataka kumvisha kila mshiriki, lakini saizi zao hamzijui. Mtachapisha kwa kukisia, zitakosekana za katikati na zitabaki kubwa mno au ndogo mno. Ombeni 60, za wanachama wenu, ambao saizi zao mnaweza kuziandika kesho jioni baada ya mazoezi. Wageni watakimbia na nguo zao na namba kifuani, hakuna atakayelalamika. Tena hoja ya kumwambia mwenye duka inakuwa na uzito zaidi: vesti hizo hazitavaliwa siku moja zikawekwa kabatini, wanachama watazivaa kila Jumamosi mtaani, na jina la duka litapita mbele ya wateja wake mwaka mzima. Hilo ndilo analolinunua.

Mwambieni jina litakaa wapi na kwa ukubwa gani. “Nembo yenu itaonekana” haina maana kwake. Andikeni: mgongoni, upana wa sentimita 25, kwa rangi moja. Rangi moja nimeisema kwa makusudi. Mchapaji wa fremu hutengeneza fremu yake kwa kila rangi, na gharama ya fremu ni ile ile kwa vesti 60 au 600. Nembo ya rangi nne kwa kazi ndogo kama yenu inapandisha bei bure. Kitambaa kiwe cha poliesta chepesi. Pamba hunywa jasho, ikawa nzito na kuchubua kwapa kabla ya kilomita ya tano. Na nembo yenyewe ombeni faili halisi kwa mtu aliyeitengeneza, PDF yake ya asili, si picha iliyotumwa WhatsApp. Picha ile imebanwa njiani. Kwenye simu inang'aa, ikikuzwa hadi sentimita 25 kingo zinakuwa kama msumeno.

Jambo ambalo rasimu yenu haikuligusa kabisa ni kwamba vesti na maji havina muda mmoja. Maji yanaweza kununuliwa Jumamosi mchana, mkakimbia Jumapili. Vesti haziwezi. Mbio ni Jumapili tarehe 12 Julai. Mnazihitaji mkononi wiki moja kabla, ili zenye kasoro zirudishwe. Mchapaji mpeni wiki mbili na siku kadhaa, pamoja na vesti moja ya mfano mtakayoikagua kwanza. Kwa hesabu hiyo kazi inaanza Jumatatu tarehe 15 Juni, na jibu la mwenye duka linatakiwa Ijumaa tarehe 12. Yatenganisheni maombi ndani ya barua, kila moja na tarehe yake, ili akichelewa kuamua juu ya vesti bado aweze kutoa maji. Mnavyoviweka kwenye sentensi moja sasa, mnamlazimisha akubali vyote au akatae vyote.

Fedha msizishike. Ambatisheni profoma mbili za wachapaji, naye amlipe mchapaji moja kwa moja, risiti ya mashine itoke kwa jina la duka lake. Anaihitaji kwenye hesabu zake za kodi, na ninyi mnaepuka maneno ya mtaani. Ambatisheni pia nakala ya usajili wa klabu na barua ya Afisa Michezo. Kama mmemwomba mtu mwingine pia, semeni. Asije akamkuta mshindani wake kwenye bango siku ya mbio.

Kuhusu maneno, ile “Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu” ifuteni. Kichwa cha habari amekwisha kukiona. Aya ya historia ya klabu iwe mistari miwili. Anzeni hivi:

“Klabu yetu inaandaa mbio za kilomita 10 kutoka Mkwakwani hadi Raskazone na kurudi, Jumapili tarehe 12 Julai, saa 12:00 asubuhi. Tunatarajia wakimbiaji 300. Tunakuomba vitu viwili, na unaweza kukubali kimoja bila kingine: vesti 60, jibu kufikia Ijumaa tarehe 12 Juni, na maji, katoni 15, madumu 8 na vikombe 1,000, jibu kufikia Ijumaa tarehe 3 Julai.”

Ukurasa mmoja, sahihi ya mwenyekiti na katibu, muhuri, na namba ya simu ya mtu mmoja ambaye kweli hupokea. Chapeni nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, mrudi nayo kwenye faili. Jumatatu asubuhi msiende, siku hiyo anashusha saruji. Nendeni katikati ya wiki alasiri, wawili tu, mmoja awe yule aliyepiga hesabu za maji, kwa sababu ataulizwa.