Majina Chini ya Picha

Likizo imewaleta mabinamu pwani, na kule ufuo wa Kongo, Diani, pale mto Mwachema unapoingia baharini karibu na msikiti wa kale, mmepiga picha maji yakiwa yamekupwa. Sasa simu iko mkononi, na chini ya picha unataka kuandika "raha tupu" na vijimoyo vitatu. Subiri kidogo.

Raha inaonekana usoni, haihitaji maelezo. Lisiloonekana ni nani mtoto wa nani. Baada ya miaka 20, yule mdogo aliyebebwa mgongoni atakuwa na ndevu, na wanawe watauliza.

Basi tuseme unaandika hivi: "Kongo, Diani, Desemba 2025. Kutoka kushoto: Mwanasha wa mjomba, Juma wa shangazi, Saumu wa mama mdogo aliyekuja kutoka Msambweni. Aliyebebwa ni Bakari, kitinda mimba wa shangazi. Picha kapiga Rehema." Kushoto ni kwa anayetazama, si kwa waliosimama, hapo ndipo majina huchanganyika. Na Rehema usimsahau, kwani mpiga picha hayumo kwenye picha, na mara nyingi ndiye aliyewakusanya wote.

Jina la ufuo pia liandike. Mchanga mweupe ni ule ule Tiwi hadi Galu, na picha pekee haitamwambia mtu mlisimama wapi.

Mkiichapisha, andikeni nyuma kwa penseli laini, pembeni. Wino wa kalamu huweza kupenya ukatokea usoni mwa mtu.