Iamshe Pikipiki Yako Msimu Huu wa Kahawa

Kahawa ikishavunwa huku Mapera, Mbinga, lazima iteremke kutoka milimani ifike kwenye ghala la AMCOS. Mkulima anatafuta usafiri, na wewe pikipiki yako imeegemezwa ukutani, inangoja Jumapili. Iingize kazini! Ila kwanza piga hesabu, maana wengi hushika noti jioni wakadhani ni faida, kumbe wanaila pikipiki yenyewe.

Tuseme umepata mzigo wa umbali wa kilomita 20 kwa shilingi 10,000. Usihesabu 20, hesabu 40, kwa sababu utarudi. Kwa pikipiki ya sisi 125 kwenye milima yetu, weka lita moja ya petroli, tuseme kwa shilingi 3,000. Kisha tenga 2,000 za oili, cheni, tairi na breki, hata kama leo hakuna kilichoharibika. Zinabaki 5,000, na hizo ndizo zako. Ukipata abiria au mzigo wa kurudi nao, siku imenoga. Bei ikishuka hadi 5,000, umefanya kazi ya bure, basi ikatae bila aibu.

Sasa linda roho. Barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kilomita 66, inateremka zaidi ya mita 800 hadi ziwani. Usizime injini wala usiweke fri ili kuokoa petroli. Ukifanya hivyo, uzito wote unaangukia breki. Zinapata moto, zinaanza kuteleza, na unakanyaga pedali bila mwendo kupungua. Ingia gia ya pili kabla ya mteremko, iache injini ikuzuie, na breki uzikanyage kwa vipindi. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali inazama kuliko asubuhi, simama zipoe. Breki shuu zikiisha, badilisha kabla ya safari nyingine.

Beba gunia moja, ulifunge kwa mipira likae katikati na chini. Ukilipandisha juu au nyuma sana, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani unayumba. Abiria ni mmoja, hakuna mishikaki, na kofia ngumu ziwe mbili. Mwenye baiskeli naye asikae: mizigo midogo ya sokoni ni yake, na hana gharama ya petroli. Kwenye mteremko mkali ashuke aikokote.

Kabla ya kubeba abiria kwa malipo, pata leseni ya udereva ya pikipiki na leseni ya usafirishaji ya LATRA. Mwambie wakala wa bima kwamba pikipiki ni ya biashara, kwa sababu bima ya matumizi binafsi inaweza kukuacha peke yako siku ya ajali.

Kesho asubuhi kagua breki, kaza cheni, nunua kofia ya pili, kisha nenda kaongee na wakulima wa kitongoji chako kabla magunia hayajapata mbebaji mwingine. Kazi ipo. Ichukue, na urudi nyumbani mzima.