Hati ya Sifa ya Mwanahabari Mkongwe

Hati ya sifa, yaani maelezo mafupi yanayosomwa mwanahabari mkongwe anapokabidhiwa tuzo ya utumishi wa maisha, hupata uzito inapotaja tendo linaloweza kuthibitishwa, wala si umaarufu wa jina. Kwa I. F. Stone wa Marekani, aliyeanzisha gazeti lake dogo la kila wiki mwaka 1953, tendo hilo ni uhakiki: serikali ilipodai kuwa mtikisiko wa jaribio la nyuklia lililofanywa chini ya ardhi ya Nevada mwaka 1957 haukunaswa zaidi ya maili 200, aliwauliza wataalamu wa matetemeko, akakuta umenaswa hadi Alaska, na serikali ikalazimika kusahihisha kauli yake. Sifa hiyo ndiyo inayostahili mstari wa kwanza.